Noti ya SOAP ya siku ya nne wodini: A imetoka wapi wakati S na O zinasema kingine?

Kibo_Asubuhi
Habari za jioni wakuu, shikamooni wakubwa. Niko Moshi, intani, sasa hivi niko wodi ya wanawake ya magonjwa ya ndani. Mwalimu wetu wa mafunzo ya Alhamisi ametugawia noti moja ya maendeleo ya mgonjwa, S ni maelezo ya mgonjwa, O ni tuliyoyaona na kuyapima, A ni tathmini na P ni mpango, ametuambia tuisome halafu tumwambie kwanini A yake haikubaliki, na tuiandike upya. Umri na vitu vingine vimebadilishwa, jina hakuna, kwahiyo msiwe na wasiwasi.

Mgonjwa ni mama wa miaka 58, alilazwa kwa moyo kushindwa kufanya kazi. Siku ya kwanza alikuwa anahema kwa shida, analala kwa mito mitatu, miguu imevimba mpaka mapajani, mshipa wa shingo umepanda, krepsi, yaani milio ya maji, mpaka katikati ya mapafu, presha 148/92, mapigo 108, oksijeni 88, uzito 71, kreatinini ya kupima figo 92, potasiamu 4.2. Akaanzishiwa dawa ya mkojo, furosemaidi ya mshipa miligramu 80 mara mbili kwa siku, na siku ya pili akaongezewa enalaprili miligramu 5 mara mbili.

Sasa noti ya siku ya nne ndiyo hii, nainakili ilivyo:

S: Anasema anaendelea vizuri. Amelala mto mmoja, hahemi. Kizunguzungu kidogo akienda chooni. Goti la kulia linauma.
O: Presha 104/66, mapigo 96, oksijeni 96 bila mashine. Mapafu safi. Miguu haijavimba. Uzito 64. Kreatinini 168, potasiamu 3.1.
A: Moyo kushindwa, anaendelea vizuri.
P: Endelea na matibabu.

Mimi naona kabisa kreatinini imepanda na haijaongelewa popote, lakini nikijaribu kuandika A yangu inakuwa kama narudia O kwa maneno mengine. Nataka kujua mtu anafikirije kutoka juu kwenda chini, sio fomu ya kujaza.

Bi_Sakina
Karibu dokta. Noti nzuri inaanza na taarifa binafsi, halafu malalamiko makuu, historia ya ugonjwa wa sasa, magonjwa ya zamani, dawa anazotumia, mzio, historia ya familia, kazi, pombe na sigara, halafu unapitia mfumo mmoja mmoja kuanzia kichwa. Ukiruka hata kimoja utakosa utambuzi. Huyo mama kwa mfano hatujaambiwa kama ana kisukari au kama kuna mtu kwao ana ugonjwa wa moyo.

Kibo_Asubuhi
Asante dada, ila hiyo ni ya kumpokea mgonjwa siku ya kwanza, hiyo ipo kwenye faili imeandikwa vizuri tu. Hapa naulizia noti ya kila siku, yaani ya kuendelea.

Mangi_Data
Mwaka wa nne hapa. Sisi tulifundishwa kirahisi sana, S ni maneno na O ni namba, basi. Ukitenganisha hivyo huwezi kuchanganya. Na A ni utambuzi tu, mstari mmoja, sababu zake zimeshaandikwa juu kwenye S na O kwahiyo ukizirudia unapoteza karatasi. Kosa la hiyo noti ni moja, hajaandika jeraha la figo kwenye A. Angeandika "1. Moyo kushindwa 2. Jeraha la figo la ghafla" ingekuwa imekamilika. Hilo neno "anaendelea vizuri" pia lingetoka, halimwambii mtu kitu.

Mzee_wa_Raundi
Kibo, marahaba. Nimesoma noti yako mara mbili, nianze na Mangi maana kasema vitu viwili vya kweli na viwili vya kupotosha.

Kweli ni kwamba figo lazima ziingie kwenye A, na kweli "anaendelea vizuri" peke yake haitoshi, vizuri kulinganisha na nini na kwa kipimo gani. Lakini S na O hazitenganishwi kwa maneno na namba. Mgonjwa akikwambia maumivu ni 7 kwa 10 hiyo ni namba na bado ni S, kwasababu imetoka kwake na wewe huwezi kuipima. Akikwambia sukari nyumbani ilikuwa 18, ni S mpaka uone daftari au mashine yake. Na wewe ukiandika "mikono ya baridi, midomo imekauka" hayo ni maneno lakini ni O, umeyashika na kuyaona mwenyewe. Kinachotenganisha ni nani shahidi. Hili lina maana kwenye A kwasababu unapopima ushahidi unatakiwa kujua huu umeuona na huu umeambiwa.

La pili, "jeraha la figo" ukiliandika hivyo tupu umetafsiri kreatinini tu. Kutoka 92 kwenda 168 ni mara 1.8, ndio, inafika kwenye kigezo cha mara moja na nusu ndani ya siku saba, lakini hiyo ni jina la namba. Kesho yake daktari wa zamu anasoma "jeraha la figo" anawaza ampe maji, mwenzake anasoma hilo hilo anaona moyo mbovu umezinyima figo damu kwahiyo anaongeza furosemaidi. Watu wawili, neno moja, vitendo vinavyopingana. A inatakiwa iseme kwanini figo zimeumia kwa mama huyu leo, na kipi kwenye S na O kinakufanya useme hivyo na sio vinginevyo.

Sasa Kibo fanya hivi. Funika A na P kwa karatasi. Soma S na O tu, polepole, na kwa kila kitu kisicho cha kawaida jiulize kinamuuliza nani. Mama kasema kizunguzungu akienda chooni. Hilo ni swali. Niambie O imelijibu wapi?

Kibo_Asubuhi
Shikamoo daktari. Presha ipo ila ni moja tu, na nadhani ilipimwa amelala. Ya kusimama haipo.

Mzee_wa_Raundi
Hapo ndipo noti ilipovunjika, kabla hata hujafika kwenye A. S imeuliza na O haikujibu. Watu wengi wakiona A mbovu wanahangaika kuirekebisha A yenyewe, wanatafuta maneno mazuri, wakati tatizo ni kwamba aliyeandika O alipima vitu vya kawaida vya kila asubuhi bila kujali mgonjwa amesema nini dakika mbili kabla. Kizunguzungu akisimama kinataka presha ya kulala na ya kusimama, mapigo yote mawili, ulimi, na mshipa wa shingo. Mshipa wa shingo siku ya kwanza ulikuwa umepanda, leo haujatajwa kabisa, na ndio ungeamua kesi hii.

Kamuulize mwalimu wako kama hizo zipo. Kama anajua kufundisha atakuwa amezificha makusudi.

SistaWaZamu
Jamani na mimi niseme, mi ni nesi Arusha miaka mingi wodini. Hiyo O haina chati ya dawa. Madaktari wengi wanaandika O kutoka kwenye presha na maabara tu, chati ya dawa inabaki mguuni mwa kitanda. Huyo mama goti linamuuma, imeandikwa hapo juu. Usiku goti linauma, mgonjwa analia, daktari wa zamu anaitwa kwa simu, anasema mpe diklo. Mimi ningeanza kuangalia amepewa nini usiku wa pili na wa tatu. Na angalieni na chati ya maji, mkojo ulikuwa kiasi gani.

Afu kuhusu huo uzito, 71 mpaka 64 ni kilo saba kwa siku tatu. Muulizeni kapimwa kwenye mizani ipi. Kuna sehemu mizani ya mapokezi na ya wodini zinapishana kilo mbili, na siku ya kwanza mgonjwa anapimwa na vitenge viwili na koti maana kipindi hiki baridi, siku ya nne anapimwa na gauni la hospitali. Msije mkajenga A yenu yote juu ya uzito.

Mzee_wa_Raundi
Sista, asante sana. Diklofenaki juu ya enalaprili juu ya furosemaidi, hizo tatu pamoja ni mtego unaojulikana kabisa kwa figo. Furosemaidi inapunguza maji kwenye mishipa, enalaprili inalegeza mshipa unaotoa damu kwenye kichujio, diklo inabana ule unaoingiza. Kila moja peke yake figo zingevumilia pengine.

Tabibu_Karatu
Mimi niko zahanati, sio wodi, ila naona ugonjwa ni ule ule. Huku kwetu nakuta kwenye kitabu S homa siku mbili na kukohoa, O joto 38.4, kipimo cha haraka cha malaria hakina kitu, A malaria, P dawa ya mseto. Yaani A imeruka kabisa O. Nikimuuliza aliyeandika anasema "dalili zote ni za malaria". Na nafasi kwenye kitabu ni ndogo, kile kisanduku cha utambuzi kinaingia maneno matatu. Je na sisi tunaandikaje sababu hapo?

Mzee_wa_Raundi
Tabibu, hapo kuna njia mbili za halali tu. Ama unakubali kipimo na A yako inakuwa homa na kikohozi, malaria haijaonekana, ukamhesabia pumzi na kumsikiliza mapafu kabla ya kuandika kitu kingine. Ama hukubaliani na kipimo, na hapo lazima uandike kwanini hukubaliani na P iseme utarudia au utapeleka damu ikaangaliwe kwa hadubini. Njia ya tatu, ya kuandika kana kwamba kipimo hakikufanyika, hiyo hapana. Maneno matatu yanatosha kwenye rejista, sababu iende kwenye kadi au daftari la mgonjwa.

Tabibu_Karatu
Kwenye daftari la mgonjwa sawa. Tatizo daftari anaondoka nalo na harudi nalo, ila hilo ni la siku nyingine.

Kibo_Asubuhi
Nimerudi. Mwalimu kacheka tu, akanipa karatasi ya pili. Sista ulikuwa sahihi kabisa. Chati ya dawa inaonyesha sindano ya diklofenaki miligramu 75 usiku wa siku ya pili na usiku wa siku ya tatu kwa ajili ya goti. Presha ya kulala 104/66 na mapigo 96, akisimama dakika tatu presha 84/58 na mapigo 118, na akaomba kukaa. Ulimi mkavu. Mshipa wa shingo hauonekani amelala nyuzi 45. Mikono ya moto. Mkojo siku ya pili lita 3.4, masaa 24 yaliyopita mililita 900. Furosemaidi bado ni ile ile 80 mara mbili ya mshipa, haijaguswa tangu siku ya kwanza. Mizani ni tofauti kweli, ya mapokezi na ya wodi.

Naomba nijaribu A:

"A: Jeraha la figo la ghafla kutokana na upungufu wa maji. Potasiamu ndogo. Presha inashuka akisimama. Moyo kushindwa. Maumivu ya goti."

Mzee_wa_Raundi
Umesogea sana, sababu imeingia. Ila bado ni orodha ya vitu vitano vinavyokaa kama majirani wasiosalimiana. Angalia tena, kizunguzungu, presha kushuka, mapigo kupanda, ulimi, mkojo kupungua, kreatinini, potasiamu, hivyo vyote ni vitu vingapi kwa huyu mama?

Kibo_Asubuhi
Kimoja? Tumemkausha.

Mzee_wa_Raundi
Kimoja. Na hiyo ndiyo kazi ya A ambayo S na O haziwezi kuifanya, kuviweka vitu pamoja. Ndio maana ulikuwa unaona unarudia O kwa maneno mengine, ulikuwa unavipa majina kimoja kimoja badala ya kuvikusanya.

Lakini usiishie hapo, maana "tumemkausha" ni dai, na dai lina mpinzani. Mpinzani wake mkubwa hapa ni kwamba moyo umezidi kuwa dhaifu na figo hazipati damu. Huyo naye anaweza kuleta presha ya chini, mkojo kidogo na kreatinini kupanda, kwahiyo hivyo vitatu havikusaidii kuchagua, vinakubaliana na pande zote mbili. Tafuta vinavyochagua. Moyo ungekuwa umezidiwa ningetegemea mshipa wa shingo uwe juu, miguu irudi kuvimba, mikono iwe ya baridi, mama ashindwe kulala chini. Vyote vinne havipo, analala mto mmoja na mikono ya moto. Ukiandika hivyo kwenye A, mtu wa zamu ya usiku akikuta mikono imekuwa ya baridi na mshipa umepanda anajua mara moja kwamba dai lako limeanguka na anabadilisha njia, hana haja ya kukupigia simu.

Mangi_Data
Daktari samahani, na potasiamu 3.1 inaingia wapi? Mi nilijua figo zikiumia potasiamu inapanda.

Mzee_wa_Raundi
Swali zuri Mangi. Mara nyingi inapanda ndio, na enalaprili nayo huwa inaipandisha. Kwa huyu imeshuka, na furosemaidi ndiyo inayoimwaga kwenye mkojo, kwahiyo inaelekeza kidole upande wa dawa ya mkojo. Sio ushahidi wa kukata kesi, kutokula vizuri huenda pia kunachangia, lakini inaegemea upande ule ule. Iandike hivyo hivyo, kwamba inaegemea.

Fizio_Njiro
Naomba kuuliza kama mtu wa nje kidogo, mi ni mtaalamu wa mazoezi tiba. Sisi tunaandika SOAP pia, na kwetu A ni kuhusu uwezo wa mgonjwa kufanya vitu. Huyo mama goti limepewa mstari mmoja tu wakati ndio lilimfanya apewe diklo. Goti halijachunguzwa kabisa kwenye O, limevimba? lina joto? linakunjika? Hamwezi kusema "maumivu ya goti" kwenye A bila kuligusa.

SistaWaZamu
Fizio umesema kweli. Goti likiwa na joto na limevimba kwa mtu anayetumia furosemaidi inaweza kuwa gauti, tunawaona hao kila mara. Na kama usiku huu hajapewa kitu kingine kwa maumivu, kuna mtu atampa diklo ya tatu. Kwahiyo P lazima iseme wazi isitolewe, na ndani ya chati ya dawa ifutwe na kusainiwa, sio kwenye noti peke yake, maana sisi usiku tunatoa dawa kwa chati, hatusomi noti ya asubuhi.

Kibo_Asubuhi
Goti nilimuuliza mwalimu, halina joto wala maji, linalia tu likikunjwa, la muda mrefu. Sasa nimeandika upya noti nzima, naomba mnichambue:

S: Analala mto mmoja, hahemi, tofauti na mito mitatu siku ya kwanza. Tangu jana kizunguzungu akisimama, kiu, mkojo umepungua. Hana maumivu ya kifua, hajatapika, hajaharisha. Goti la kulia linauma, la siku nyingi.

O: Presha 104/66 mapigo 96 amelala, 84/58 mapigo 118 akisimama dakika 3, akashindwa kuendelea kusimama. Oksijeni 96 bila mashine. Ulimi mkavu, mikono ya moto, mshipa wa shingo haujapanda, mapafu safi, miguu haijavimba. Goti halina joto wala maji. Mkojo mililita 900, siku ya pili 3400. Uzito 64, wa kwanza 71 kwa mizani nyingine. Kreatinini 168, ilikuwa 92. Potasiamu 3.1, ilikuwa 4.2. Dawa: furosemaidi 80 mara mbili ya mshipa siku ya nne, enalaprili 5 mara mbili siku ya tatu, diklofenaki 75 sindano mbili usiku wa 2 na wa 3.

A: 1. Maji ya moyo kushindwa yameisha, analala chini, mapafu safi, mshipa wa shingo chini, miguu mikavu. Hahitaji tena dozi ya siku ya kwanza.
2. Amekaushwa na furosemaidi na figo zimeumia, kreatinini mara 1.8. Kinachounga mkono ni presha kushuka 20 akisimama na mapigo kupanda, kiu, ulimi mkavu, mkojo kupungua, na potasiamu inaegemea huko huko. Diklofenaki juu ya enalaprili imechangia. Moyo kuzidiwa siudhanii kwasababu mikono ni ya moto, mshipa wa shingo haujapanda na analala chini. Uzito unakubaliana ila mizani ni tofauti.
3. Goti la muda mrefu, halina dalili za gauti wala maambukizi kwa sasa, linahitaji dawa isiyoumiza figo.

P: (2) Simamisha furosemaidi leo. Futa diklofenaki kwenye chati, asipewe dawa yoyote ya kundi hilo. Anywe maji kwa mdomo akiwa na kiu, hakuna dripu kwa sasa. Potasiamu ya vidonge, rudia potasiamu na kreatinini kesho asubuhi. Presha ya kulala na kusimama jioni na asubuhi. Daktari aitwe kama presha ya juu iko chini ya 90 akiwa amelala, mikono ikiwa ya baridi, au akianza kuhema. (1) Uzito kila asubuhi mizani ya wodi, gauni tu. Furosemaidi ya vidonge 40 mara moja irudi akiacha kushuka presha na kreatinini ikianza kushuka. (3) Parasetamoli.

Enalaprili sijaandika kitu kwasababu sijui.

Mzee_wa_Raundi
Hii nikiikuta wodini naisaini. Nimejaribu ule mtihani wa kufunika, nimefunika A nikasoma S na O, nikafika ulipofika wewe. Halafu nikafanya kinyume chake, nikachukua kila kitu kisicho cha kawaida kwenye O nikatafuta makazi yake kwenye A, hakuna kilichobaki yatima. Na kila amri kwenye P nimeweza kuifuata mpaka mstari wa A ulioizaa. Nimependa pia ulivyosema "siudhanii" badala ya "hakuna", na hizo sababu za kuitwa usiku ndizo zile zile zingeangusha dai lako, hilo watu wachache wanalifanya.

Marekebisho mawili. Presha imeshuka 104 mpaka 84, ni 20 kamili, iko kwenye kigezo pembeni kabisa, kwahiyo usitegemee namba hiyo peke yake, kilichonishawishi mimi ni kwamba imekuja na dalili, alishindwa kusimama. Weka dalili mbele ya namba. La pili, kwenye A namba 1 hujasema moyo wake umeshindwa kwa sababu gani. Presha ya muda mrefu? Valvu? Siku ya nne mtu anatakiwa awe na neno hapo, hata kama ni "chanzo hakijulikani bado, anasubiri kipimo cha eko cha moyo".

Kibo_Asubuhi
Eko kweli haijafanyika, anasubiri foleni. Nitaongeza. Na enalaprili?

Mzee_wa_Raundi
Mimi ningeisimamisha leo na kesho. Presha 84 akisimama, kreatinini inapanda, siwezi kuiacha.

Dkt_Ilboru
Naingia kwa kuchelewa, na kwenye hili natofautiana na Mzee kidogo kwa heshima zote. Kosa ni furosemaidi na diklo, hizo ukiziondoa presha na figo zinarudi, na enalaprili ndiyo dawa itakayompa huyu mama miaka kama moyo wake ni wa kusukuma dhaifu. Nimeona mara nyingi inasimamishwa "leo na kesho" halafu mgonjwa anaruhusiwa bila hiyo na hakuna anayekumbuka kuirudisha. Ningepunguza, 2.5 mara mbili, nikaangalia kreatinini kesho.

Mzee_wa_Raundi
Hoja ya kusahaulika ni ya kweli, nimeiona pia. Jibu langu ni kuandika kwenye P siku ya kuirudisha na kigezo chake, sio kumpa dawa ya kushusha presha mtu asiyeweza kusimama.

Dkt_Ilboru
Ukiandika siku na kigezo nakubali nusu. Na hatujui moyo ni wa aina gani mpaka eko, kama sio wa kusukuma dhaifu basi hoja yangu inapungua nguvu. Kibo, vyovyote utakavyochagua, enalaprili iwe na sentensi yake kwenye A. Dawa iliyo kwenye chati ya mtu mwenye kreatinini 168 isikae kimya.

Mangi_Data
Kuna hospitali wanaandika A na P juu kabisa halafu S na O chini, wanasema msomaji anataka jibu kwanza. Je hiyo haiharibu huu mtiririko?

Mzee_wa_Raundi
Kwa msomaji inaharakisha kweli. Ila kwa intani sipendi, ukianza na A siku ya nne utaandika A ya jana. Kwenye mifumo ya kompyuta ndio hatari zaidi, ile ya jana inajileta yenyewe na wewe unabadilisha presha tu. Nadhani noti ya Kibo ya mwanzo ilizaliwa hivyo hivyo, "endelea na matibabu" imetoka siku ya pili ilipokuwa sahihi.

Dkt_Ilboru
Mi naziandika A juu na sioni shida, mradi unafikiri S na O kabla hujagusa kalamu. Hapo hatutakubaliana.

Kibo_Asubuhi
Mwalimu katupa na ya siku ya tano. Kizunguzungu kimepungua, presha 112/70 amelala na 102/66 akisimama, mapigo 84 na 92, mkojo lita 1.5, kreatinini 141, potasiamu 3.5, uzito 64.6 mizani ya wodi, mapafu safi. Kwenye kesi yao enalaprili ilisimamishwa. A ya leo naandika "dai la jana limethibitika, figo zinarudi", sawa?

Mzee_wa_Raundi
Andika "limeungwa mkono". Mlisimamisha furosemaidi na diklo na enalaprili siku moja, kwahiyo huwezi kujua ni ipi iliyofanya kazi kubwa. Halafu kigezo chako cha kurudisha furosemaidi ya vidonge kimetimia, S ya leo imuulize kama amelala chini usiku, ndio uandike unaanza leo au kesho.

SistaWaZamu
Na diklo mliifuta kwenye chati au kwenye noti tu?

Kibo_Asubuhi
Kwenye chati, kwa mstari na sahihi, sista.